Vichwa vinne na vitufe vitatu: kuandaa matoleo ya jaribio la A/B kutoka kwenye maandishi uliyonayo

Jaribio la A/B kwa maneno ya ukurasa ni jambo rahisi kulieleza. Wageni wanagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wanaona maneno ya zamani na wengine mapya, kisha zinahesabiwa oda za kila upande. Kugawa wageni ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko kwenye kupata maneno mapya yanayostahili kujaribiwa, na hapo ndipo wengi huteleza: wanaandika vichwa vitano ambavyo ukivisoma vizuri ni kichwa kimoja kilichobadilishwa kanzu mara tano.

Tutumie mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho. Kuna muuzaji wa vifaranga mwenye ukurasa mmoja wa mauzo. Wageni hufika kwa kubofya tangazo, wastani wao ni 300 kwa siku, na katika kila wageni 100, 4 huweka oda. Kichwa ni "Karibu Kwenye Ukurasa Wetu wa Vifaranga Bora". Chini yake kuna aya hii:

"Tunauza vifaranga vya kuroiler vya siku moja, vya ubora wa hali ya juu. Vyote vinachanjwa mareksi kabla ya kutoka kituoni. Oda inaanzia vifaranga 50. Mwisho wa kuweka oda ni Jumanne jioni, na Jumamosi unavipokea stendi ya mkoani kwako. Kwa kila vifaranga 100 tunaongeza 2 bure kufidia vinavyofia njiani. Unalipa nusu unapoweka oda na nusu ukishavihesabu."

Kisha kuna fomu. Juu yake imeandikwa bei na Jumamosi ambazo bado zina nafasi, chini yake kuna sehemu ya jina, namba ya simu na idadi. Kitufe cha fomu kimeandikwa "Tuma".

Hatua ya 1: chambua maandishi, toa hoja

Chukua kalamu na upigie mstari kila kitu ambacho mteja anaweza kukushika nacho kama si kweli. Hicho ndicho hoja. "Ubora wa hali ya juu" hakipiti, kwa sababu hakuna mteja atakayerudi akasema ubora ulikuwa wa hali ya kati. "Karibu" nalo halipiti. Kwenye aya ile zinabaki hoja tano: chanjo ya mareksi, oda ndogo ya vifaranga 50, ratiba ya Jumanne hadi Jumamosi, nyongeza ya 2 kwa 100, na malipo ya nusu kwa nusu.

Ona kwamba hoja zote tano zilikuwa zimelala kwenye aya wakati kichwa kinakaribisha watu sebuleni. Ukurasa mwingi uko hivi, na ndiyo maana hakuna haja ya kubuni ahadi mpya. Ukibuni, utajikuta unajaribu kitu ambacho biashara haiwezi kukitimiza, na toleo likishinda ndiyo umeingia matatani.

Sasa zipange hoja hizo kwa uzito. Fungua meseji 50 za mwisho za wateja na uweke alama kwa kila swali wanalouliza kabla ya kuagiza. Kama wengi wanauliza "vimechanjwa?", "vinafikaje Singida?" na "nikituma hela nikavikosa je?", una hofu tatu tofauti na hoja tatu za kuzijibu. Nyongeza ya 2 kwa 100 ni nzuri, ila kama hakuna anayeiulizia, iache kwenye aya. Oda ya kuanzia 50 nayo itatufaa baadaye kwenye kitufe.

Hatua ya 2: kichwa kimoja kwa kila hoja

Sheria ni moja: kila toleo lisimame juu ya hoja yake. "Vifaranga Bora kwa Mfugaji Makini", "Pata Vifaranga vya Uhakika" na "Vifaranga Vyenye Ubora Unaouamini" ni hoja moja, tena ile ambayo tumekwisha kuitupa. Ukivishindanisha hivyo utapata namba zinazokaribiana, na hata kimoja kikiongoza hutajua umejifunza nini kuhusu wateja wako.

Kwa kila hoja andika rasimu tano au sita haraka bila kuzihukumu, kisha uchague moja. Tuangalie hoja ya malipo, kwa sababu ndiyo yenye mitego. Rasimu ya kwanza kwa kawaida inatoka hivi: "Unaweza kulipa nusu ya gharama wakati wa kuweka oda na kiasi kilichobaki baada ya kupokea". Hii ni aya iliyovaa kofia. Ukiifupisha unapata "Lipa nusu tu leo", na hapo umeingia mtegoni: anayesoma mbiombio anaelewa kwamba kuna punguzo la nusu bei. Ataingia kwa wingi, ataiona bei kwenye fomu, atatoka. Rasimu ya tatu, "Nusu ya pesa ukishavihesabu", ina tatizo la sarufi: hilo "vi" linaning'inia, kwa sababu neno vifaranga halipo kwenye kichwa, na msomaji ndiyo kwanza amefika. Ya nne inageuza mpangilio: "Hesabu vifaranga kwanza, ndipo umalizie malipo". Imetaja kitu chenyewe, haisikiki kama punguzo, na kitenzi "umalizie" kinasema kimyakimya kwamba kuna kiasi kilichotangulia, kwa hiyo malipo ya awali hayajafichwa.

Kwa njia hiyohiyo, matoleo yanakuwa haya:

A (ya zamani): Karibu Kwenye Ukurasa Wetu wa Vifaranga Bora
B (chanjo): Vifaranga vya kuroiler, vimeshachanjwa mareksi
C (ratiba): Agiza Jumanne, vifaranga stendi Jumamosi
D (malipo): Hesabu vifaranga kwanza, ndipo umalizie malipo

Vyote vina herufi kati ya 40 na 47, nafasi zikiwemo. Hilo limefanywa makusudi. Kama kimoja kingekuwa na herufi 20 na kingine 80, ushindi ungeweza kutokana na urefu na wala si hoja. Vilevile usifanye kimoja kiwe swali, kingine kiwe na emoji, na cha tatu kiwe herufi kubwa tupu. Kinachotofautiana kiwe kile unachotaka kukijua.

Toleo C lina udhaifu mmoja ambao ni afadhali kuutaja: mtu anayefika Jumatano atasoma "Agiza Jumanne" na kudhani amechelewa. Kama fomu inaonyesha Jumamosi zinazofuata, tatizo linapungua lakini haliishi. Ukitaka kuliondoa kabisa, sema "Oda za Jumanne hufika stendi Jumamosi". Sisi tutakiacha kama kilivyo, na wakati wa kusoma matokeo tutaangalia kama C inaanguka kuanzia Jumatano hadi Ijumaa.

Hatua ya 3: kipime kwenye simu ndogo

Wageni wengi watakuwa kwenye simu. Kioo cha upana wa pikseli 360, ukiondoa kingo, kinakuachia kama pikseli 328. Kichwa chenye maandishi ya pikseli 28 kinabeba herufi 22 hadi 25 kwa mstari, kwa hiyo matoleo yote manne yanaingia kwenye mistari miwili. Kiswahili kina shida yake hapa: neno moja linaweza kuwa sentensi nzima. "Tutakusafirishia" ni herufi 16, na likikosa nafasi mwishoni mwa mstari linarukia mstari wa chini lote, likiacha pengo juu. Ukiona kichwa kimekuwa na mistari mitatu kwenye toleo moja tu, fomu imesukumwa chini kwenye toleo hilo, na hapo hulinganishi maneno peke yake tena.

Angalia pia tangazo linaloleta wageni. Kama tangazo linapiga kelele kuhusu bei, toleo B litaonekana limepotea njia hata kama ni zuri. Wakati wa jaribio tangazo libaki lilelile, na liwe lile lisiloipendelea hoja mojawapo.

Hatua ya 4: maneno ya kitufe

Kitufe kinaandikwa kwa kuanzia upande wa pili: kitu gani kinatokea mtu akikibofya? Kwenye mfano wetu kuna vitufe viwili. Kimoja kiko chini ya kichwa na humpeleka mgeni kwenye fomu, kingine ni kile cha kumalizia fomu. Tunachokijaribu ni cha kwanza, ambacho kwa sasa nacho kimeandikwa "Tuma" kwa sababu tu aliyejenga ukurasa alinakili.

"Tuma" ni neno baya hapa kuliko linavyoonekana. Hakuna kilichojazwa bado, kwa hiyo hakuna cha kutuma. Tena, kwa mtu anayetumia pesa za simu kila siku, "tuma" ni neno la kutoa hela. Kwenye ukurasa unaozungumzia malipo ya nusu, linaweza kusomeka kana kwamba ukigusa tu, pesa inaondoka. "Nunua sasa" lina kasoro ya namna hiyohiyo, maana mteja hanunui sasa, anaweka oda. Na "Bonyeza hapa" linaeleza kazi ya kidole tu.

Matoleo matatu yanatosha:

1: Tuma (la zamani)
2: Angalia bei na tarehe
3: Niwekee vifaranga 50

La pili linaomba kidogo: njoo uone kwanza. Linafaa kwa sababu fomu kweli inaanza na bei na tarehe. Kama bei isingekuwepo pale, kitufe kingekuwa kimedanganya, na kingepata wabofyaji wengi na oda chache. La tatu ni sauti ya mteja mwenyewe akimwambia muuzaji, na limebeba ile hoja ya oda ndogo tuliyoiweka kando. Zingatia nani anaongea: "Niwekee" ni mteja, "Weka oda" ni ukurasa ukimwelekeza mteja, na vyote vinakubalika. Kinachochanganya ni "Tuwekee oda", kwa sababu haijulikani ni sisi wateja tunaoomba au ni kampuni inayoomba. "Tafadhali" usiliweke, linakula nafasi tu. Adabu ya mteja haivunjwi na kitenzi cha kuamuru kwenye kitufe.

Kuna kisa kinachotajwa sana kuhusu jambo hili. Desemba 2007, kampeni ya Barack Obama ilijaribu ukurasa wake wa kujiandikisha kwa vitufe vinne na picha au video sita, yaani michanganyiko 24. Ukurasa wa awali, wenye kitufe cha "Sign Up", ulikuwa ukiandikisha asilimia 8.26 ya wageni. Ulioshinda ulikuwa na picha ya familia na kitufe cha "Learn More", ukafika asilimia 11.6. Neno lililoomba kidogo ndilo lililopita. Lakini usikimbilie kunakili "Pata maelezo zaidi". Jaribio lile lilikuwa na wageni zaidi ya 310,000, kama 13,000 kwa kila mchanganyiko, na waliokuja walikuwa wakiombwa kujiandikisha tu, si kununua kitu. Mfugaji aliyebofya tangazo la vifaranga anajua anachokitaka.

Hatua ya 5: wageni ulionao wanabeba matoleo mangapi?

Hapa ndipo tamaa inakatwa. Kanuni ya haraka ya idadi ya wageni kwa kila toleo ni hii:

```
n = 16 × p × (1 − p) ÷ d²
```

p ni wastani wa viwango viwili unavyovilinganisha na d ni tofauti unayotaka kuigundua. Kutoka asilimia 4 hadi 6, p ni 0.05 na d ni 0.02, kwa hiyo n ni 1,900. Matoleo manne ni wageni 7,600, ambao kwa 300 kwa siku ni siku 26. Zungusha ziwe wiki 4 kamili, ili kila toleo lipate Jumanne na Jumamosi sawasawa na mwisho wa mwezi uingie.

Ukitaka kugundua tofauti ndogo, kutoka 4 hadi 5, n inapanda hadi karibu 6,900 kwa kila toleo, na matoleo manne yanakula miezi mitatu. Hiyo ndiyo sababu ya kiutendaji ya kukataa vichwa vinavyofanana: tofauti zao ni ndogo, na tofauti ndogo hugharimu wageni wengi mno.

Sasa jaribu kuchanganya vichwa vinne na vitufe vitatu kwa pamoja. Ni michanganyiko 12, wageni 22,800, siku 76. Ndiyo maana kwa ukurasa wa ukubwa huu vichwa vinaanza peke yao, huku kitufe kikibaki kilekile kwenye matoleo yote, kisha vitufe vinajaribiwa chini ya kichwa kilichoshinda. Kama una wageni 50 kwa siku, chagua hoja moja tu, ile iliyoulizwa zaidi kwenye meseji, uishindanishe na ya zamani.

Hatua ya 6: gawa, na uweke alama kwenye oda

Mgeni apewe toleo moja na arudi kwenye hilohilo kesho. Kama huna chombo maalumu, mistari hii inatosha kuchagua toleo na kulikumbuka:

```js
let k = localStorage.getItem("kichwa");
if (!k) {
  k = ["A","B","C","D"][Math.floor(Math.random()*4)];
  localStorage.setItem("kichwa", k);
}
```

Kichwa kionyeshwe kwa kufuata herufi hiyo, nayo iingizwe kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu, ili kila oda ifike na A, B, C au D yake. Kama oda zako zinaingia kwa WhatsApp, iweke kwenye ujumbe unaojiandika wenyewe, kwa mfano `https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nahitaji%20vifaranga%20(B)`. Wateja wachache wataifuta. Hilo halina neno, wanaifuta kwa matoleo yote. Kila mgeni anapofunguliwa ukurasa kwa mara ya kwanza, hesabu pia herufi aliyopewa, maana bila idadi ya wageni oda hazina cha kugawanywa nacho.

Usigawe kwa siku, kwamba leo A na kesho B. Siku ya mshahara ikiangukia B, B itashinda bila kustahili.

Hatua ya 7: soma matokeo

Anza na wageni kabla ya oda. Wiki nne za wageni 300 kwa siku ni wageni 8,400, kwa hiyo kila toleo linapaswa kuwa na karibu 2,100. Kupishana kwa 40 au 70 ni bahati tu. Ukikuta toleo moja lina 1,650, simama: kuna kitu kimeharibika, mara nyingi toleo hilo linachelewa kufunguka na watu wanatoka kabla hawajahesabiwa. Matokeo ya jaribio hilo yatupe, rekebisha, uanze upya.

Tuseme wageni wako sawa, na oda ni A 76, B 88, C 69, D 114. Idadi za wageni zikilingana kuna kipimo cha haraka: toa oda za A kwenye za toleo jipya, kisha ulinganishe na kipeuo cha pili cha jumla yao. Kwa toleo moja dhidi ya la zamani, tofauti ipite mara 2 ya kipeuo hicho. Hapa tunalinganisha matatu na A, na kila ulinganisho ni nafasi nyingine ya kubahatisha, kwa hiyo tupandishe iwe mara 2.4. Kwa D tofauti ni 38. Jumla ni 190, kipeuo chake karibu 13.8, mara 2.4 ni 33. D imepita. Kwa B tofauti ni 12, na kizingiti ni karibu 31, kwa hiyo usiseme B imeshinda A kidogo. Sema haijulikani. C imeshuka kwa 7, nayo haijulikani, ila hapa ndipo pa kufungua oda zake siku kwa siku na kutazama zile za Jumatano hadi Ijumaa.

Kipimo hiki kinasomwa mara moja, wiki ya nne ikiisha. Ukichungulia kila jioni na kusimamisha pale toleo linapovuka kizingiti, utasimama kwenye bahati nasibu, maana namba za siku za mwanzo huyumba sana.

Kabla D haijawekwa rasmi, kuna hesabu moja zaidi. D ilivutia watu kwa malipo ya mwisho, kwa hiyo angalia ni oda ngapi kati ya zile 114 zilimaliziwa malipo stendi, na ngapi kati ya 76 za A. Kama za A zimemaliziwa 70 na za D 75, ongezeko lililoonekana kwenye fomu limeyeyuka njiani, na vifaranga vilivyokosa mwenyewe vimerudi kwa gharama ya muuzaji. Kama za D zimemaliziwa 104, kichwa kibadilishwe leo, na kesho yake jaribio la vitufe lianze chini yake: matoleo matatu, wageni 5,700, siku 19, yaani wiki tatu kamili. Kitufe cha tatu, "Niwekee vifaranga 50", kisomwe tena mara moja kikiwa chini ya "Hesabu vifaranga kwanza, ndipo umalizie malipo". Neno vifaranga linajirudia karibu mno, na "Niwekee 50" itatosha.